Mililita za Mtoto Anayeharisha: Jinsi ya Kujaza Karatasi ya Maji na Kuijumlisha

Kwenye wodi ya watoto, mtoto anayeharisha sana hufunguliwa karatasi yenye mistari na safu, ambayo mara nyingi hukaa miguuni pa kitanda. Wauguzi huiita karatasi ya maji, au chati ya maji. Upande mmoja huandikwa yaliyoingia mwilini: aliyokunywa, yaliyopita kwenye mrija wa puani kama anao, na yaliyopita kwenye dripu. Upande wa pili huandikwa yaliyotoka: choo, matapishi na mkojo. Pembeni kuna safu ya saa na nafasi ya maelezo mafupi. Mzazi anayekesha na mtoto ndiye anayeona karibu kila kinachostahili kuingia humo, kwa hiyo inafaa ajue inavyojazwa.

Ugumu huanza na maneno. Muuguzi akipita na kuuliza, "Mama, mtoto amekunywa kiasi gani?" jibu la kawaida ni, "Amekunywa vizuri, sista." Jibu hilo ni la kweli, lakini haliwezi kujumlishwa. Karatasi inataka mililita, na mililita hupatikana kwa chombo chenye alama: jagi ndogo ya vipimo, kikombe cha dawa au sirinji kubwa isiyo na sindano. Kinachoandikwa ni kile alichokunywa, siyo kile alichomiminiwa. Ukitia mililita 200 za maji ya ORS kwenye kikombe na zikabaki 50, andika 150. Kama nusu ya kijiko ilichuruzika kifuani, nayo ipunguzwe kwa makadirio. Karatasi nyingi huharibika hapa, kwa sababu mtu hujaza "200" kikombe kinapowekwa mezani, na jioni mtoto anaonekana amekunywa maji ambayo kwa kweli yalimwagwa.

Maziwa ya mama hayana kipimo, na hakuna haja ya kuyabunia namba. Andika saa aliyonyonya na muda, kwa mfano "amenyonya, dakika 10", kwenye nafasi ya maelezo. Anayesoma atajua kuna maji ya ziada yasiyohesabiwa.

Upande wa yaliyotoka, kifaa muhimu ni mizani ndogo, na kanuni yake ni nyepesi: gramu moja ya majimaji huhesabiwa kuwa mililita moja. Nepi kavu hupimwa kwanza, na uzito wake unaweza kuandikwa kwa kalamu kwenye nepi yenyewe. Ikilowa hupimwa tena. Nepi iliyokuwa na gramu 40 ikifika 150, mtoto ametoa mililita 110. Kitambaa cha nepi hupimwa vivyo hivyo. Mara nyingi choo cha majimaji na mkojo huchanganyika, na hapo huandikwa namba moja tu yenye maelezo "choo na mkojo". Ukiigawa kwa kubahatisha, au ukiiandika kwenye safu zote mbili, jumla itakudanganya. Kwa wagonjwa wa kipindupindu hutumika kitanda chenye tundu katikati na ndoo yenye alama chini yake, na kiasi kilichotoka husomwa kwenye ndoo.

Matapishi yakiingia kwenye beseni hupimwa. Yakimwagika shukani hukadiriwa, na neno "takriban" huwekwa mbele ya namba. Kutapika hakufuti alichokunywa: kiasi chote alichomeza hubaki upande wa kuingia, na kilichorudi huandikwa upande wa kutoka. Baada ya kutapika, mtoto hupumzishwa dakika 10, kisha huendelea kunyweshwa polepole zaidi.

Kuna mtego mmoja wa kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo. Mama husema mtoto aliharisha saa 3, naye ana maana ya asubuhi. Karatasi nyingi zimechapwa 09:00, 10:00, 11:00. Anayejaza kwa haraka huweza kuweka tukio hilo kwenye mstari wa 03:00, yaani saa 9 usiku, na likahesabiwa kwenye zamu isiyo yake. Ni vizuri kutaja saa pamoja na wakati wa siku, kisha kuonyesha kwa kidole mstari unaohusika.

Sasa tuchukue mfano. Mtoto wa mwaka 1 na miezi 2 amefika akiwa na uzito wa kilo 8.0. Macho yamezama, anakunywa kwa pupa, na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole. Hizi ni dalili za upungufu wa maji ambao bado haujafika hatua ya hatari kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hali hii huitwa Mpango B: mililita 75 za maji ya ORS kwa kila kilo, ndani ya saa 4. Zidisha 75 kwa 8, unapata mililita 600, sawa na 150 kila saa. Saa nne za kwanza zilijazwa hivi:

| Saa | ORS aliyokunywa | Choo na mkojo | Matapishi |
|---|---|---|---|
| 3–4 asubuhi | 120 | 110 | – |
| 4–5 asubuhi | 160 | 90 | takriban 60 |
| 5–6 mchana | 140 | 100 | – |
| 6–7 mchana | 150 | 70 | – |
| Jumla | 570 | 370 | 60 |

Kujumlisha hufanyika safu kwa safu, kwenda chini. Yaliyoingia ni 570. Yaliyotoka ni 370 na 60, yaani 430. Toa 430 kwenye 570, zinabaki 140, nazo huandikwa na alama ya kujumlisha mbele: +140. Kama yaliyotoka yangezidi, namba ingekuwa na alama ya kutoa, na hapo muuguzi angemwita tabibu bila kungoja saa nne ziishe.

Mtu akiona +140 anaweza kushusha pumzi, akadhani mtoto amepona kwa vile yaliyoingia yamezidi yaliyotoka. Lakini karatasi ilifunguliwa saa 3 asubuhi, na mtoto alianza kuharisha nyumbani. Deni la maji alilokuja nalo halimo kwenye safu yoyote. Tulilikadiria kuwa kama mililita 600, na ndiyo maana tukapanga kumpa kiasi hicho. Amekunywa karibu yote, lakini sehemu kubwa imepita moja kwa moja na kutoka. Deni limepungua kwa 140 tu.

Kwa hiyo hesabu ya karatasi husomwa pamoja na mizani ya mtoto na mwili wake. Saa 7 mchana alipimwa tena, akiwa hana nguo kama mara ya kwanza, na uzito ulikuwa kilo 8.1. Ongezeko la gramu 100 linakubaliana na +140, kwa sababu ana jasho na pumzi vinavyotoka bila kuandikwa, na mizani nayo ina kosa lake dogo. Macho bado yalikuwa yamezama kiasi. Mpango B ukarudiwa, safari hii pamoja na uji.

Kati ya saa 7 na saa 11 jioni aliingiza mililita 620 za ORS na 80 za uji mwepesi, jumla 700. Choo kilikuwa 220, na mkojo wa peke yake, uliokingwa kwenye kikopo, 60. Jumla ya kutoka ni 280. Tofauti ya kipindi hiki ni +420. Ukiiongeza juu ya +140 ya asubuhi, unapata +560 tangu afike. Ukitaka kuhakiki, jumlisha siku yote kwa njia nyingine: 570 na 700 ni 1,270 zilizoingia, 430 na 280 ni 710 zilizotoka, na tofauti yake ni 560. Njia mbili zikitoa jibu moja, kujumlisha kumekwenda sawa. Uzito ulisoma kilo 8.5, ngozi ikarudi upesi, na mtoto akaanza kugombania kijiko cha dada yake. Hapo huhamia Mpango A: kwa umri wake, mililita 50 hadi 100 za ORS baada ya kila choo cha majimaji, pamoja na chakula, kunyonya na vidonge vya zinki.

Mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa huwekewa dripu, na karatasi yake hujazwa mara nyingi zaidi. Kosa linalojirudia ni kuandika "500" chupa inapotundikwa. Huandikwa kiwango kilichoshuka kwenye chupa tangu usomaji uliopita. Zamu zikibadilika katikati ya chupa, anayetoka na anayeingia husoma alama pamoja, la sivyo chupa moja huhesabiwa mara mbili.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali hahesabiwi kwa mfano huu. Kwake ngozi inayorudi polepole na macho yaliyozama hudanganya, na maji mengi kwa haraka huweza kuulemea moyo wake. Ana mpango wake wa kiasi kidogo kidogo chini ya uangalizi wa karibu. Hata kwa mtoto mwenye lishe nzuri, kope zikianza kuvimba wakati hesabu inazidi kupanda, ORS husimamishwa, na anaendelea na maziwa ya mama au maji ya kawaida. Akianza kuhema haraka, tabibu aitwe mara moja.

Namba inayonitia wasiwasi zaidi kwenye karatasi hizi ni sifuri ya ghafla upande wa choo. Mtoto aliyekuwa akitoa mililita mia kila saa akiacha kabisa, familia hufurahi, na hesabu hupanda vizuri. Gusa tumbo kwanza. Likiwa limejaa na kukaza, huenda utumbo umelala na maji yamebaki ndani yake. Yameandikwa kama yaliyoingia, lakini hayajafika kwenye damu. Safu ya mkojo husaidia kutofautisha: mtoto anayepona hukojoa. Kwa hiyo kabla ya zamu ya usiku kupokea karatasi, huandikwa kwenye maelezo saa aliyokojoa mara ya mwisho, hata kama kiasi hakikupimwa. Asubuhi hesabu ya saa 24 hufungwa, karatasi mpya ikaanza na sifuri, lakini tofauti ya jana na uzito wa asubuhi huhamishiwa juu yake, ili anayeishika ajue mtoto ametoka wapi.