Kwa Nini Faili Hukwama Asilimia Ileile

Kwenye steshenari za Somanda, mjini Bariadi, kuna lalamiko ambalo kila anayepakia mafaili makubwa analijua. Faili linapanda vizuri hadi asilimia 40, linaanza kuzunguka, kisha linakatika. Ukijaribu tena, linafia palepale. Mteja anahisi faili limeharibika katikati. Mhudumu anahisi laini ina tatizo, anaweka nyingine, nayo inakwama kwenye 40. Mara nyingi faili ni zima na laini haina kosa. Kinachojirudia ni hesabu ya vitu vitatu: kasi ya kupandisha, muda ambao mtandao hutulia kabla ya kukata, na kanuni ya seva inayopokea.

Hesabu hiyo ni rahisi kuiona kwa mfano. Tuseme fundi wa video mwenye ofisi Somanda amemaliza kuhariri harusi, faili lina MB 480, na mteja yuko Dar es Salaam. Mfumo anaoutumia haupeleki faili zima kwa mkupuo. Unalikata vipande vya MB 64, na seva huhesabu kipande kuwa kimefika pale tu kinapokamilika. Kwa hiyo vituo vya kweli vya safari hiyo ni asilimia 13, 27, 40, 53, na kuendelea hivyo. Katikati ya vituo hakuna kinachohifadhiwa.

Sasa mtandao wake unapandisha MB 0.25 kwa sekunde, ambayo ndiyo megabiti 2. Kipande cha MB 64 kinahitaji sekunde 256, yaani zaidi ya dakika nne. Asubuhi mapema mnara hauna watu wengi, vipande vitatu vinapita, mstari unafika 40. Kuanzia saa tatu mtandao unakata kila baada ya dakika tatu hivi. Ndani ya dakika tatu zinapita MB 45 tu. Mstari utapanda hadi karibu 49, mtandao utakata, na mfumo utarudi kwenye 40 kuanza kipande upya. Utafanya hivyo hadi jioni, na kila jaribio linakula MB 45 za bando bila kusogeza kazi hata hatua moja. Kubadilisha laini hakusaidii ikiwa laini mpya nayo haitulii kwa dakika nne na nusu mfululizo.

Kama mfumo huohuo ungekata vipande vya MB 8, kila kipande kingechukua sekunde 32. Mtandao uleule, wenye kukata kulekule, ungepitisha vipande vitano kabla ya kila mkatiko na kupoteza sehemu ya kimoja tu. Kazi ingekwisha. Ndiyo maana ninasema ukubwa wa kipande una uzito zaidi kuliko kasi ambayo kampuni za simu huitangaza.

Lakini si kila kukwama kuna asili hiyo, na namna ya kutofautisha ni kuangalia saa pamoja na asilimia. Zipo seva zinazoweka ukomo wa muda kwa upakiaji mzima. Node.js, ambayo mifumo mingi imejengwa juu yake, tangu toleo la 18 hukata ombi ambalo halijafika lote ndani ya sekunde 300, isipokuwa aliyejenga mfumo abadilishe. Chukua barua na vyeti vilivyoskaniwa vyenye MB 60, kwa kasi ya MB 0.1 kwa sekunde. Dakika tano zitapitisha MB 30, na faili litafia kwenye 50 kila mara. Ukirudi alfajiri kasi ikiwa MB 0.15, litafia kwenye 75. Asilimia imebadilika, dakika ni zilezile tano. Hiyo ndiyo alama ya ukomo wa muda. Ukiona asilimia haibadiliki hata kasi ikibadilika, shuku kipande. Ukiona vyote viwili vinayumba ovyo, hapo ni mtandao wenyewe.

Na mtandao wenyewe una tabia moja ambayo watu wengi hawaijui. Data inapotumwa, kifaa chako husubiri jibu kwamba pakiti imefika. Jibu lisipokuja, kinatuma tena, na kila kikishindwa kinazidisha kusubiri mara mbili, ili kisiulemee mtandao uliozidiwa. Kikianza na sekunde moja, kitajaribu kwenye sekunde ya 1, ya 3, ya 7, ya 15, ya 31, halafu ya 63. Tuseme mtandao ulikata ukarudi baada ya sekunde 40. Kwenye simu utaona vijiti vimejaa tena, lakini upakiaji umetulia tuli, kwa sababu zamu ya kujaribu haijafika hadi sekunde ya 63. Upande wa pili, seva ya nginx isiyobadilishwa mpangilio hungoja sekunde 60 bila kupokea chochote, kisha inafunga. Inafunga sekunde tatu kabla kifaa chako hakijabisha hodi. Hivyo mkatiko wa sekunde 40, ambao mtu angeuona mdogo, unaua kazi ya nusu saa.

Ndiyo sababu kubonyeza kusimamisha na kuendelea, pale mfumo unapokuwa na vitufe hivyo, huleta uhai papo hapo: unafungua muunganisho mpya badala ya kungoja zamu ya ule wa zamani. Kama hakuna kitufe hicho, usiburudishe ukurasa upesi. Kwenye mifumo mingi kuburudisha ni kuanza sifuri. Na likifika 100 likaendelea kuzunguka, liache. Mara nyingi data imeshaondoka na seva inaihifadhi au kuikagua.

Vijiti navyo visikudanganye. Vinaonyesha unavyousikia mnara, na mnara hurusha kwa makumi ya wati. Simu yako inajibu kwa nguvu isiyozidi takriban wati 0.2. Ndani ya chumba chenye kuta nene na bati juu, video ya kutazama itacheza bila shida huku ya kupandisha ikichechemea. Weka simu yenye hotspoti dirishani au nje ya mlango, laptopu ibaki ndani.

Kabla ya kutuma kitu kikubwa, pima mambo mawili. La kwanza ni kasi ya kupandisha: fast.com huionyesha ukibonyeza sehemu ya maelezo zaidi. Gawa megabiti kwa 8 upate MB. La pili ni muda wa utulivu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika hivi, uache ikimbie kwa dakika ishirini:

```
ping -t 8.8.8.8
```

Kila mstari wa `Request timed out` ni pakiti iliyopotea. Mfululizo wa mistari hiyo ni mkatiko. Angalia kati ya mkatiko mmoja na mwingine zinapita dakika ngapi. Chukua nusu ya muda huo, zidisha kwa kasi, hicho ndicho kipande kisichopaswa kuzidishwa. Kwa fundi wetu: dakika tatu, nusu yake sekunde 90, mara 0.25, inakuja kama MB 22. Tumia 20.

Kukata faili mwenyewe ndiyo njia ninayoiamini zaidi, kwa sababu haitegemei hisani ya mfumo wowote. Kwenye kompyuta tumia 7-Zip, ambayo ni ya bure. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, chagua `Add to archive`, na kwenye `Split to volumes, bytes` andika `20m`. Kiwango cha kubana weka `Store`, maana video tayari imebanwa na kuibana tena ni kupoteza muda. Utapata mafaili kama 24 yanayoanza na `harusi.7z.001`. Kila moja litachukua kama sekunde 80 kupanda, na lililofika limefika. Likikatika namba 017, unarudia hilo tu. Mpokeaji aweke yote kwenye folda moja na kufungua la `001`. Programu itaunganisha mengine yenyewe, na kikikosekana kimoja itakataa. Mwenye simu pekee anaweza kuyafungua kwa ZArchiver. Ukitaka uhakika, nyote wawili endesheni amri hii kwenye video yenyewe mlinganishe mstari mrefu wa herufi na namba unaotokea:

```
certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256
```

Njia hii inafaa pale anayepokea ni mtu. Haifai YouTube, ambayo haiwezi kuunganisha vipande vyako, lakini YouTube ina dawa yake: upakiaji uliokatika unaweza kuendelezwa ndani ya saa 24 ukirudi na kuchagua faili lilelile. Usilibadilishe hata kidogo kabla ya kulichagua tena. Kwa Google Drive, anayeweza kutumia amri anapata rclone, inayomruhusu kuchagua kipande mwenyewe:

```
rclone copy harusi.mp4 drive:kazi --drive-chunk-size 2M --low-level-retries 50 --progress
```

Hapo kipande ni MB 2 na kikishindwa kitarudiwa hadi mara 50. Ukomo wake ni kwamba ukizima kompyuta au umeme ukikatika, rclone itaanza upya faili hilo, haikumbuki ilipoishia. Kwa hiyo hata na rclone, siku zenye umeme wa wasiwasi, pandisha vile vipande vya 7-Zip badala ya faili moja.

Mifumo ya maombi ya kazi, mikopo na zabuni ni habari nyingine. Inataka faili moja, kwa hiyo kukata hakuwezekani na kilichobaki ni kupunguza. Cheti kilichoskaniwa kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, kina nukta mara tisa ya kile cha nukta 200, na cha 200 kinasomeka vizuri hata muhuri wake. Ukiweka kijivu badala ya rangi, kinapungua zaidi. Steshenari nyingi zinaacha skana kwenye mpangilio iliotoka nao dukani, na hapo ndipo MB nyingi za bure huzaliwa.

Kwa wanaojenga mifumo hiyo, wengi wao wakiijaribu kwenye ofisi zenye faiba, nina ombi. Ukomo wa muda wa jumla ufutwe, ubaki wa kungoja kimya tu, na uzidi sekunde 60. Vipande viwe MB 5 au chini yake: hata hifadhi ya Amazon S3 inaruhusu vipande kuanzia MB 5, na itifaki ya tus ya kuendeleza upakiaji iko wazi kwa yeyote bila malipo. Na ukubwa wa mwisho unaokubalika uandikwe kando ya kitufe, kabla mwananchi wa Somanda hajamaliza bando lake kuutafuta.