Kwa Nini KING Hayumo?

Wengi waliojifunza SQL kwa Oracle wanalikumbuka jedwali la EMP. Ni jedwali dogo la mazoezi lenye wafanyakazi 14, kila mmoja na mstari wake. EMPNO ni namba ya mfanyakazi, ENAME jina lake, SAL mshahara wake, na MGR namba ya msimamizi wake.

Mstari wa SCOTT una MGR 7566, basi. Jina la msimamizi halimo. Ukilitaka, unarudi kwenye orodha ile ile kumtafuta mwenye EMPNO 7566, nawe unamkuta JONES. Msimamizi naye ni mwajiriwa, kwa hiyo yumo pamoja na wenzake.

Kama orodha ingekuwa ya karatasi, ungetoa nakala mbili na kuzilaza sambamba: kushoto unasoma wafanyakazi, kulia mabosi. SQL hufuata njia hiyo bila kurudufu chochote. Jedwali moja hupewa majina mawili ya muda, hapa m kwa mfanyakazi na b kwa bosi:

```sql
SELECT m.ENAME, b.ENAME
FROM EMP m
JOIN EMP b ON m.MGR = b.EMPNO;
```

Mstari wa mwisho ndio unaowakutanisha: namba ya msimamizi upande wa m ilingane na namba ya mfanyakazi upande wa b. Ukiugeuza ukaandika `b.MGR = m.EMPNO`, hutaona onyo lolote, lakini vyeo vitapinduka na KING, mkuu wa wote, ataonekana yuko chini ya JONES. Kwa hiyo kagua kwanza jozi moja unayoijua.

Sasa mistari miwili inaweza kulinganishwa. Ongeza `WHERE m.SAL > b.SAL` uone nani anamzidi bosi wake mshahara. Yanatoka majina mawili, SCOTT na FORD. Kila mmoja analipwa 3000, na bosi wao JONES 2975. Ukisoma mstari mmoja mmoja, jambo hilo hulioni.

Ondoa sharti hilo, kisha hesabu majibu. Ni 13, ilhali wafanyakazi ni 14. Aliyekosekana ni KING. Yeye hana wa kumsimamia, hivyo MGR yake ni NULL, yaani hakuna kitu. NULL hailingani na namba yoyote, wala na NULL nyingine. Mstari wa KING ukikosa mwenzake, JOIN inauacha nje kimyakimya. Andika LEFT JOIN badala ya JOIN, naye atarudi, nafasi ya bosi wake ikiwa tupu.

Ndiyo maana, kabla ya kukabidhi orodha kama hii, linganisha idadi ya majibu na idadi ya mistari ya jedwali. Kwenye EMP, pengo la mtu mmoja lilimficha mkuu wa kampuni nzima.