Oda Hukuagiza, Pesa Zimetoka: Cha Kufanya Kabla Mzigo Haujachukuliwa

Jumamosi moja saa 11 alfajiri, shangazi yangu wa Nakuru alinipigia simu. Shangazi hapigi simu saa hizo ila kuna msiba.

"Mwanangu, benki imenitumia meseji ati nimenunua kitu cha elfu kumi na nane. Mimi nilikuwa usingizini. Nimenunua nini?"

Nikamwomba afungue apu ya duka la mtandaoni analonunulia nguo. Kulikuwa na oda mbili za usiku huo. Ya kwanza ilikuwa simu ya shilingi 18,499, imelipwa kwa kadi yake ya benki aliyoihifadhi kwenye apu. Mzigo ulikuwa uende kituo cha kuchukulia bidhaa Nairobi, mtaa ambao hajawahi kukanyaga. Ya pili ilikuwa vocha ya shilingi 3,000, imelipwa kwa salio lake la duka, yaani pesa alizorudishiwa humo baada ya kukataa viatu vilivyombana. Kisha akakumbuka kitu kingine: kabla ya kunipigia, simu yake ilionyesha ombi la malipo la 24,999 likimtaka aweke PIN. Alidhani ni simu inasumbua, akalifuta.

Kwa hivyo usiku mmoja mdukuzi alijaribu njia tatu za kumtoa pesa. Ukizielewa hizo tatu, utajua ni pesa gani zinarudi na umlilie nani.

Njia tatu, na kila moja na mlango wake

Kadi iliyohifadhiwa ndiyo rahisi zaidi kwa mwizi. Maduka mengi hayaulizi chochote kadi ikishakuwa ndani ya akaunti. Ukibonyeza "nunua" pesa zinatoka. Lakini pia ndiyo yenye kinga nzuri, kwa sababu unaweza kwenda benki yako na kupinga malipo ambayo hukuyaidhinisha.

Salio la duka ni hadithi nyingine. Hizo pesa haziko benki wala kwenye simu, ziko mikononi mwa duka. Benki haiwezi kukusaidia, na kampuni ya pesa za simu pia haizioni. Ni wewe na duka tu.

Ombi la malipo kwenye simu ndilo gumu kwa mwizi. Anaweza kulituma mara kumi akiwa na nambari yako, lakini bila PIN yako hakuna shilingi inayotoka. Ukiona ombi ambalo hukulianzisha, lifute. Usiliweke PIN "kuona ni nini". Na lichukulie kama king'ora: kuna mtu anajaribu kulipia kitu kwa nambari yako sasa hivi, pengine akiwa ndani ya akaunti yako ya ununuzi.

Kosa tulilofanya kwanza

Nilimwambia shangazi abadilishe pasiwadi ya duka mara moja. Akabadilisha, tukapumua. Dakika kumi baadaye apu ikamtoa nje. Pasiwadi mpya ilikuwa imebadilishwa tena, na si yeye.

Kumbe mdukuzi alikuwa pia ndani ya barua pepe yake. Alibonyeza tu "nimesahau pasiwadi", duka likatuma kiungo kwenye barua pepe, naye akakitumia. Shangazi alikuwa na pasiwadi moja kila mahali, na pasiwadi hiyo iliwahi kuvuja kutoka tovuti nyingine kabisa aliyojiandikisha miaka ya nyuma. Matapeli huchukua orodha za namna hiyo na kuzijaribu kwenye maduka na barua pepe, moja baada ya nyingine, kwa kutumia kompyuta. Hawakumchagua yeye. Ufunguo wake tu ndio uliofungua.

Kwa hivyo mpangilio sahihi ni huu: barua pepe kwanza, duka baadaye.

Hatua kwa hatua

1. Zuia kadi. Benki nyingi zina kitufe cha kusimamisha kadi kwenye apu yao, na kama huna apu, piga nambari iliyo nyuma ya kadi. Fanya hivi kwanza kwa sababu ni haraka na huzuia oda ya tatu na ya nne.

2. Funga barua pepe. Badilisha pasiwadi, weka ambayo hujawahi kuitumia popote, kisha utoe vifaa vyote usivyovijua. Kwa Gmail, ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya "Security", utafute "Your devices". Washa pia "2-Step Verification".

Halafu kuna kitu ambacho watu wengi hawakiangalii. Fungua Gmail kwenye kompyuta, nenda "Settings", kisha "See all settings", uangalie "Filters and Blocked Addresses" na "Forwarding and POP/IMAP". Kwa shangazi tulikuta amri iliyosema kila barua yenye jina la duka ipelekwe moja kwa moja kwenye takataka. Ndiyo maana hakuona uthibitisho wa oda. Zaidi ya hayo, kikasha chake kilijaa barua zaidi ya mia mbili za kumkaribisha kwenye tovuti asizozijua. Hiyo si bahati mbaya. Mwizi hukuandikisha kila mahali ili barua moja muhimu ipotee kwenye vurugu. Ukiamka ukute mafuriko kama hayo, usifute tu kwa hasira. Tafuta kwanza neno "order" na jina la kila duka unalotumia.

3. Sasa funga duka. Badilisha pasiwadi, iwe tofauti na ya barua pepe. Tafuta kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote. Kisha kagua nambari ya simu, barua pepe na anwani zilizohifadhiwa, kwa sababu mwizi huacha anwani yake humo ili arudi siku nyingine.

4. Piga picha za skrini, kisha sitisha oda. Picha zionyeshe nambari ya oda, saa, bei, anwani ya kupeleka na njia ya malipo. Ukishazipata, bonyeza kitufe cha kusitisha. Oda ambayo bado haijatoka ghalani mara nyingi husitishwa papo hapo. Ikiwa imeshatoka, piga simu kwa duka na useme wazi: "Akaunti yangu imedukuliwa, naomba mzigo huu usikabidhiwe kwa mtu." Ukikutana na mwendesha boda amekuletea mzigo wa kulipia mlangoni ambao hukuagiza, usilipe na usiupokee, hakuna deni hapo.

Oda ya simu ya shangazi ilikuwa bado inafungashwa. Tuliisitisha saa 1 asubuhi. Vocha ya 3,000 ilikuwa imeshatumika, kwa sababu vocha ni nambari tu, haisubiri boda. Wezi wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo.

5. Angalia pesa zinarudi wapi. Hapa watu huumia mara ya pili. Duka liliandika "umerudishiwa 18,499", lakini pesa ziliwekwa kwenye salio la duka. Kama mwizi angekuwa bado ndani ya akaunti, angenunua vocha nyingine. Tuliomba kwa maandishi kwamba zirudi kwenye kadi ile ile iliyolipa. Walikubali, na zilifika benki baada ya siku tisa.

Ikiwa duka linakuzungusha

Kwa malipo ya kadi, nenda benki uombe fomu ya kupinga malipo. Beba picha za skrini, meseji ya benki na barua uliyoandikia duka. Kwa kadi za Visa na Mastercard, dirisha la kupinga malipo ya ulaghai kwa kawaida ni siku 120, lakini usingoje. Benki itakuuliza ni lini uligundua na ulifanya nini, na jibu la "siku hiyo hiyo" lina uzito.

Kama uliweka PIN kwa kuchanganyikiwa, pesa zimeenda kwa duka, si kwa mwizi moja kwa moja. Hiyo ni afadhali, kwa sababu duka linajulikana. Piga huduma kwa wateja ya kampuni ya pesa za simu ukiwa na msimbo wa muamala ulio mwanzoni mwa meseji, na wakati huo huo uandikie duka ukitaja msimbo huo. Malipo ambayo umeyaidhinisha kwa PIN hayarudi kirahisi, na mara nyingi duka lenyewe lazima likubali. Ndiyo maana kusitisha oda mapema ni muhimu kuliko kulalamika baadaye.

Ripoti pia polisi upewe nambari ya OB. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Hata kama mwizi hatapatikana kesho, OB huonyesha benki na duka kwamba hufanyi mzaha.

Simu ya saa 3

Saa 3 asubuhi shangazi alipigiwa na kijana mwenye sauti ya adabu. Akajitambulisha kuwa ni wa duka, akataja nambari ya oda na bei yake kamili. "Mama, nikurudishie pesa zako, nisomee tu nambari tuliyokutumia kwa meseji."

Aliijua oda kwa sababu ndiye aliyeiweka. Nambari aliyotaka ilikuwa OTP ya kumrudisha ndani ya barua pepe, baada ya sisi kumfungia. Shangazi alimwambia, "Ngoja kwanza niulize mtoto wa kaka yangu," na simu ikakatika.

Anayekurudishia pesa hahitaji PIN yako wala OTP yako. Ukipigiwa, kata, kisha upige wewe mwenyewe nambari iliyo ndani ya apu au kwenye tovuti ya duka.

Hesabu ya mwisho

Kati ya shilingi 21,499 zilizotoka, shangazi alipata 18,499. Zile 3,000 za salio la duka hazikurudi. Duka lilisema vocha iliyotumika haifutwi, na benki haikuwa na la kufanya. Tangu hapo, akirudishiwa pesa za bidhaa, anaomba zirudi kwenye kadi au simu, si kwenye salio la duka.

Leo jioni, fungua apu ya duka lako. Futa kadi iliyohifadhiwa. Wakati wa kununua utaiandika upya, au utalipa kwa simu na kuweka PIN mwenyewe. Kisha ingia haveibeenpwned.com uandike barua pepe yako. Itakuonyesha kama imewahi kuonekana kwenye data zilizovuja, na kutoka tovuti gani. Ya shangazi ilikuwa humo mara mbili.