Mwaliko Ulio Amri

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ni njia panda ya reli, ambapo njia itokayo Lubumbashi hugawanyika, moja ikishika upande wa Ilebo na nyingine upande wa Kabalo. Ripoti ya kumpima mtumishi huandikwa hapo kwa Kifaransa, na asiyekisoma vema husomewa kwa Kiswahili. Nami nilipomkuta karani mmoja, mama wa makamo, amekawia mno juu ya sentensi moja ya ripoti kama hiyo, nilitamani kujua sababu.

Sentensi ile, iliyomhusu mtunza bohari, ikifuatwa neno kwa neno ilisema kwamba anaalikwa kuwa na ukali zaidi katika kushika daftari.

“Kwa Kifaransa cha ofisini,” alinieleza, “aalikwaye kufanya jambo ameamriwa kwa adabu. Nikimwambia baba yule kwamba anaalikwa, atashukuru na kwenda zake, maana mwaliko una hiari. Nikisema ni lazima, nimetia kemeo ambalo mkuu hakulitia. Basi nasema anatakiwa.”

Lakini ule “ukali” ulimsumbua zaidi, kwa kuwa mtunza bohari angedhani anahimizwa kuwagombeza wanaokuja kuchukua vifaa. Alirejea kwa mkuu, akamwuliza ameona nini hasa, akajibiwa kwamba mara kadhaa vifaa vilitoka leo vikaandikwa kesho kutwa. Ndipo alipopata la kusema: “Mara kadhaa hukuandika siku ile ile. Unatakiwa uandike kila kitokacho siku kitokapo.”

Alijihadhari asiseme “huchelewa kuandika”, kwa kuwa kiambishi kile cha “hu-” hugeuza matukio machache kuwa ada ya mtu, wala asiseme “mzembe”, neno liufanyalo upungufu wa kazi kuwa tabia ya nafsi. Na nionavyo, hiyo ndiyo hekima yake kubwa, kwamba wakati uliopita hulitaja kosa waziwazi na bado humwachia mtenda heshima yake. Kwa upande wa pili aliogopa “ameridhisha”, ambalo kwenye karatasi ni daraja la katikati, lakini sikioni ni sifa kamili. Yeye husema “kazi imetosha”, akaongeza kile kilichosalia.

Akimaliza kusoma humwuliza msomewa: “Baba, mkuu anataka ufanye nini?” Asipoweza kutaja tendo, maneno yamelegea mno; akiuliza kama amefukuzwa, yamezidi ukali.

Mtunza bohari alilitaja tendo, akatia sahihi. Lakini sahihi ile ilikaa chini ya Kifaransa, ambacho hakina habari ya siku ile ile wala ya vifaa vilivyotoka. Nilimwuliza karani, yakitokea mabishano mwakani, mtu huyu atahukumiwa kwa maneno yapi, aliyoyasikia au aliyoyatilia sahihi?

“Hilo,” akasema, “nimewauliza wakuu. Bado nangoja jibu.”