Kweli au uongo: jedwali la mauzo lisiloonyesha kosa halina kosa?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari la kompyuta lina hatari ambayo lile la karatasi halina: laweza kukosea huku likionyesha jumla safi, bila alama yoyote ya onyo. Tuchukue duka la nafaka mjini Kakamega, linalouza mahindi, maharagwe na njugu kwa gorogoro, tupime nalo mambo matano ambayo watu husema. Bei na idadi ni za mfano. Fomula ni zile zinazochapwa kwenye Excel.

1. "Kila mwezi ufungue laha mpya."

Uongo. Ukiwa na laha kumi na mbili utanakili fomula mara kumi na mbili, na siku utakayoongeza bidhaa, laha mojawapo itasahaulika. Mauzo yote yakae kwenye laha moja, iitwe `Mauzo`, kila uuzaji mstari wake: A ni tarehe, B ni bidhaa, C ni idadi ya gorogoro, D ni bei, E ni jumla. Kwenye E2 andika fomula hii, kisha iburute hadi mstari wa 2000:

```
=IF(C2="","",C2*D2)
```

Mwezi unachaguliwa kwenye laha ya pili, ya muhtasari. B1 iwe na siku ya kwanza ya mwezi unaoutaka, na majina ya bidhaa yaanzie A4. Kwenye B4 andika fomula hii, kisha iburute hadi B14:

```
=SUMIFS(Mauzo!E:E,Mauzo!B:B,A4,Mauzo!A:A,">="&$B$1,Mauzo!A:A,"<"&EDATE($B$1,1))
```

Maana yake ni hii: jumlisha mauzo ya bidhaa iliyo A4, kuanzia tarehe ya B1 hadi kabla ya siku hiyohiyo ya mwezi unaofuata. Ukibadilisha B1, mwezi mzima unabadilika.

2. "Tarehe ninayoiona ndiyo inayohesabiwa."

Uongo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea kimyakimya. Excel huhifadhi tarehe kama namba. Kompyuta nyingi huja zikiwa na mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Karani akichapa 25/2/2025, kompyuta inatafuta mwezi wa 25, inaukosa, na kukiacha alichochapa kama maandishi matupu. `SUMIFS` inayaruka bila kusema neno. Akichapa 2/3/2025 akimaanisha Machi 2, mauzo yanaangukia Februari 3.

Kosa la kwanza hutambulika kwa jicho: maandishi huegemea kushoto mwa seli, tarehe halisi huegemea kulia. Au hesabu yaliyokwama. Jibu linapaswa kuwa 0:

```
=COUNTA(Mauzo!A2:A2000)-COUNT(Mauzo!A2:A2000)
```

Kosa la pili fomula hiyo hailioni, kwa sababu Februari 3 ni tarehe halali. Dawa ni kubadilisha eneo la kompyuta liwe Kenya kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kisha kuipa safu A muundo wa `dd-mmm-yyyy`, ili mwezi uonekane kwa herufi. Karani akiona Feb badala ya Mar atashtuka palepale.

3. "Orodha ya kuchagua huzuia majina yenye makosa."

Nusu kweli. Orodha hutengenezwa hivi: chagua B2 hadi B2000, nenda `Data > Data Validation`, kwenye `Allow` chagua `List`, kisha kwenye `Source` elekeza kwenye seli zenye majina ya bidhaa. Baada ya hapo karani hachapi "maharage" wakati muhtasari unatafuta "maharagwe", anachagua tu.

Lakini Excel hukagua kinachochapwa, si kinachobandikwa. Oda ikinakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu na kubandikwa, "maharage" inapita mlangoni bila kuulizwa. Seli ikinakiliwa kutoka kwingine, inaweza hata kuifuta ile orodha. Kwa hiyo weka mlinzi wa pili kwenye laha ya muhtasari, nje ya B4 hadi B14: jumla ya mwezi bila kutaja bidhaa, ukiondoa jumla ya bidhaa zote za muhtasari.

```
=SUMIFS(Mauzo!E:E,Mauzo!A:A,">="&$B$1,Mauzo!A:A,"<"&EDATE($B$1,1))-SUM(B4:B14)
```

Ikitoka 0, kila shilingi iliyo kwenye mwezi huo ina jina linalotambulika. Ikitoka 1,800, kuna mauzo ya 1,800 yaliyoandikwa kwa jina ambalo muhtasari haulijui, na sasa unajua cha kutafuta.

4. "Bei ikipanda, ibadilishe kwenye orodha ya bei, jedwali litajirekebisha."

Litajirekebisha kweli, na huko ndiko kuharibika kwake. Tuseme Februari duka liliuza gorogoro 300 za mahindi kwa shilingi 120, yaani 36,000. Safu D inavuta bei kwa fomula kutoka kwenye orodha. Machi bei inapanda hadi 140, unaibadilisha, na Februari nayo inageuka kuwa 42,000. Shilingi 6,000 ambazo hakuna mteja aliyezilipa zimeingia kwenye hesabu. Duka likiwa linalipa kodi ya mauzo ya KRA, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, litatozwa shilingi 180 kwa pesa za hewa.

Bei iliyouziwa ni habari ya siku ile, kwa hiyo ichapwe kwenye safu D kama namba. Sokoni kwetu watu hupatana bei. Mteja wa gorogoro kumi hupunguziwa. Orodha ya bei ibaki pembeni ya kumkumbusha karani, isiwe mkono unaoandika upya miezi iliyopita.

5. "Seli zangu zimefungwa, basi hesabu ziko salama na ni siri."

Hapa kuna mambo mawili. Ni kweli kwamba kila seli ya Excel huzaliwa ikiwa na alama ya `Locked`, ila kufuli hilo halifanyi kazi hadi laha yenyewe ilindwe. Ukiilinda moja kwa moja, karani hataweza kuandika chochote. Anza kwa kuchagua A2 hadi D2000, fungua `Format Cells`, na kwenye `Protection` ondoa alama ya `Locked`. Kisha nenda `Review > Protect Sheet`. Sasa karani anaandika kwenye A hadi D, na fomula za E hazigusiki. Ndiyo sababu tuliziburuta mapema hadi mstari wa 2000: laha ikishalindwa, jedwali halijirefushi lenyewe.

Usiri ni jambo jingine. Ulinzi wa laha huzuia kidole kilichoteleza. Haumzuii mtu aliyedhamiria, na Microsoft yenyewe husema haukukusudiwa kuwa usalama. Ukitaka faili isisomwe, tumia `File > Info > Protect Workbook > Encrypt with Password`, na nywila uiandike mahali pa kuaminika, maana ukiisahau hata Microsoft hawana ufunguo.

Malipo ya kodi ya mauzo hufungwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kabla ya siku hiyo soma seli mbili tu: ya tarehe zilizokwama na ya majina yasiyotambulika. Zote mbili zikiwa 0, chukua mistari mitano ya mwezi huo uilinganishe na stakabadhi zake, tarehe kwa tarehe na bei kwa bei, kwa sababu tarehe iliyogeuzwa na bei isiyo sahihi ni makosa ambayo hakuna fomula hapa inayoweza kukuonyesha.