Mji wa Mchapishaji Waondoka kwenye Marejeo

Toleo la saba la mwongozo wa APA, lililotoka mwishoni mwa 2019, limeondoa mji wa mchapishaji kwenye marejeo ya vitabu. Sababu ni rahisi: mashirika mengi yana ofisi katika miji kadhaa, na siku hizi msomaji hutafuta kitabu kwa jina la mwandishi na anwani ya kitabu.

Tuchukue riwaya ya Adam Shafi. Katika toleo la sita tuliandika hivi:

Shafi, A. (1999). Vuta n'kuvute. Dar es Salaam, Tanzania: Mkuki na Nyota.

Sasa, ikiwa kitabu chenyewe kimeandikwa Mkuki na Nyota Publishers, tunaandika:

Shafi, A. (1999). Vuta n'kuvute. Mkuki na Nyota Publishers.

Mji umetoka, lakini jina limerefuka. Toleo la sita lilikata neno kama Publishers. La saba linataka jina kama lilivyo kwenye kitabu, ila vifupisho vya kampuni kama Ltd. na Inc. huachwa. Kwa hiyo kufuta mji hakutoshi: fungua ukurasa wa haki za uchapishaji uhakikishe jina.

Pale shirika ndilo mwandishi na mchapishaji, zamani tuliandika "Mwandishi" mahali pa mchapishaji. Sasa nafasi hiyo huachwa wazi. Lakini mawasilisho ya mkutano hubaki na mji, maana unaeleza yalikofanyika. Kagua orodha yote kabla ya kuwasilisha, usichanganye matoleo mawili.