Bektiki Tatu kwa Msomaji Usiyejua Anasomea Wapi

Ukiwa fundi wa kompyuta, au ukifanya kazi na mafundi, umeshaziona: alama tatu ndogo zilizoinama, zile za kitufe kilicho juu ya Tab kwenye kibodi nyingi, zimewekwa juu ya amri fulani na zikarudiwa chini yake. Alama hiyo huitwa bektiki, na zikikaa tatu pamoja hufanya kazi ya uzio. Anayeziweka anaiambia programu ya msomaji kwamba kilichomo ndani kisiguswe; kionyeshwe herufi kwa herufi na mstari kwa mstari, nafasi zake zikiwa vilevile.

Lakini uzio huo ni ombi tu. Programu ya upande wa pili inaweza kulielewa, inaweza kulipuuza, na inaweza kulielewa nusunusu. Watu wengi huogopa lile la pili, kwa sababu likitokea bektiki hubaki wazi kwenye skrini na ujumbe huonekana mchafu. Mimi naogopa la tatu, kwa kuwa likitokea ujumbe huonekana safi kabisa.

Sababu iko kwenye historia ya Markdown, mtindo wa kuandika ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004. Markdown ya mwanzo haikuwa na uzio wa bektiki. Aliyetaka kuonyesha msimbo wa mistari mingi alitakiwa kuusogeza kila mstari ndani kwa nafasi nne, au kwa Tab moja. Bektiki zilikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kufunga neno au kipande kifupi katikati ya sentensi. Uzio ulikuja baadaye kupitia programu zilizoongeza mambo yao juu ya Markdown. GitHub ndiyo iliyoueneza ule wa bektiki, na kanuni za CommonMark, zilizotangazwa mwaka 2014, zikauandika rasmi. Hadi leo zipo programu zinazofuata utaratibu wa mwanzo. Python-Markdown, maktaba inayotumika sana, haiujui uzio mpaka mtengenezaji awashe nyongeza iitwayo `fenced_code`.

Sasa tuseme fundi aliyeko Mwanza anamwelekeza mwenzake kwa maandishi. Kwenye kompyuta ya duka kuna folda ya `muda`, yenye mafaili ya kutupa, na folda ya `mauzo`, yenye hesabu zote za biashara. Anataka ya kwanza ifutwe, kisha ya pili ichunguliwe tu. Anaandika hivi:

````
```
rm -r muda
ls mauzo
```
````

Amri ya kwanza inafuta folda, ya pili inaorodhesha mafaili. Hakuna kosa hapo. Programu inayoelewa uzio itazionyesha zikiwa mistari miwili. Programu inayofuata Markdown ya mwanzo itafanya kingine. Itaziona bektiki tatu za mwanzo na tatu za mwisho, na kwa kanuni zake hiyo ni namna halali ya kufunga kipande kifupi katikati ya sentensi. Itaziondoa bektiki, itaweka maandishi kwa zile herufi za upana sawa tunazozitambua kuwa za kompyuta, na kwa kuwa hiki ni kipande cha sentensi, mwisho wa mstari utaonekana kama nafasi moja tu. Mwenzake atasoma hivi:

```
rm -r muda ls mauzo
```

Inapendeza kwa macho. Akiinakili na kuibandika kwenye dirisha la amri, `rm` itaelewa kwamba imepewa vitu vitatu vya kufuta: `muda`, kitu kinachoitwa `ls`, na `mauzo`. Ya kwanza itafutwa. Kwa cha pili italalamika hivi:

```
rm: cannot remove 'ls': No such file or directory
```

Kisha itaendelea na ya tatu. Lalamiko hilo ndilo dalili pekee atakayoiona, nalo linatokea wakati `mauzo` yanaondoka. Amri ya `rm` haina pipa la taka la kurudishia kitu.

Ajali ya pili ya aina hiyo inatokana na alama ya reli, `#`. Kwenye amri za Linux, mstari unaoanza na reli ni maelezo ya binadamu na kompyuta huuruka. Mafundi wana mazoea ya kuweka reli mbele ya amri hatari ili isifanye kazi lakini ionekane. Markdown nayo inaisoma reli ya mwanzo wa mstari kama amri ya kutengeneza kichwa cha habari. Uzio usipoeleweka, `# rm -r mauzo` inageuka kichwa cha habari chenye herufi kubwa nene, na reli yenyewe haionekani tena. Anayenakili anapata amri iliyo hai. Kwa njia hiyohiyo, uzio ukikatwa na mstari mtupu, jina la faili `__init__.py` hupoteza mistari yake ya chini, na neno `init` likabaki limekolezwa wino.

Ikitokea programu haigusi kitu chochote, kama barua pepe ya maandishi matupu, hali ni nafuu kuliko inavyoonekana. Mistari inabaki mistari, reli inabaki reli, na bektiki zinaonekana zilipo. Hatari iliyobaki ni ya msomaji kunakili kila kitu, uzio na vyote. Kwenye ganda la `bash`, bektiki ni alama yenye kazi: kilichomo kati ya bektiki mbili huendeshwa kwanza, halafu matokeo yake huwekwa mahali hapohapo kana kwamba umeyaandika wewe. Ukibandika hiki:

````
```
date
```
````

`bash` itachukua bektiki mbili za mwanzo kuwa jozi tupu, ya tatu itakuwa ufunguzi, na itasubiri ikionyesha alama ya `>` mpaka ifungwe. Ikifika mstari wa mwisho itaendesha `date`, itapata tarehe, kisha itajaribu kuiendesha tarehe hiyo kama amri. Kama ni Jumatatu utaambiwa:

```
bash: Mon: command not found
```

Mara nyingi inaishia hapo, kwenye kuchanganyikiwa kidogo. Ila msomaji ajue alichoona: amri yake imefanya kazi tayari. Asidhani imeshindwa akairudia, hasa kama ilikuwa amri ya kufuta au ya kutuma kitu.

Kwenye meseji za kawaida za simu kuna jambo jingine ambalo hata mafundi hulisahau. Seti ya herufi inayotumiwa na SMS, iitwayo GSM 7-bit, haina bektiki. Ina mabano, ina reli, ina alama ya dola, lakini bektiki haimo. Ikiingia moja tu bila kubadilishwa, ujumbe mzima unahamia kwenye seti nyingine inayokula nafasi zaidi, na badala ya herufi 160 kwa meseji unabaki na 70. Ujumbe wa herufi 120 ulikuwa meseji moja. Uufunge kwa uzio unakuwa meseji mbili, tena kwa msomaji ambaye simu yake haitafanya chochote na uzio wenyewe. Kwa ofisi inayotuma maelekezo kwa mawakala mia kadhaa kupitia mtambo wa meseji za jumla, hiyo ni gharama mara mbili bila faida.

WhatsApp iko katikati. Inauelewa uzio na kuonyesha herufi za upana sawa, kwa hiyo mfano wetu wa `muda` na `mauzo` ungefika salama. Isichoelewa ni lile neno ambalo wengi hulibandika kwenye uzio kutaja lugha, kama `bash` au `python`. GitHub hulitumia kupaka rangi msimbo na kulificha. WhatsApp hulionyesha kama sehemu ya maandishi, na Slack vivyo hivyo, na mtu akilinakili pamoja na mengine anakuwa ameongeza amri ambayo haikuandikwa kuwa amri. Rangi ni pambo. Pale usipojua msomaji anatumia nini, liache.

Kwa hiyo, je, uzio ni salama? Jibu langu linategemea kilichomo ndani zaidi ya uzio wenyewe. Uliza: mistari hii ikiunganishwa kuwa mmoja, itafanya nini? Kama jibu linatisha, ubadilishe msimbo kabla ya kufikiria alama za kuufunga. Amri zile mbili zingeandikwa hivi:

```
rm -r muda && ls mauzo
```

Sasa hakuna mwisho wa mstari wa kupotea. Maana yake ni ileile popote itakaposomwa, na `ls` haitaendeshwa kama kufuta kumeshindwa. Amri ambayo hutaki iendeshwe usiiweke kabisa, hata ikiwa na reli mbele.

Msimbo wa Python haukubali ujanja huo, kwa sababu nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya maana yake. Faili za YAML ni hivyohivyo. Hapo njia ya zamani ya nafasi nne inashinda uzio. Acha mstari mtupu, sogeza kila mstari ndani kwa nafasi nne, maliza kwa mstari mtupu mwingine. Markdown ya 2004 inaielewa, CommonMark inaielewa, na kwenye maandishi matupu inasomeka bila alama ngeni. Ina mipaka yake: ndani ya orodha yenye namba, nafasi nne zinahesabiwa kuwa aya ya kipengele kilichotangulia, kwa hiyo msimbo uwekwe nje ya orodha. Na msomaji wa maandishi matupu atanakili zile nafasi nne pia, ambazo `bash` haijali lakini Python itazikataa kwa kusema `IndentationError: unexpected indent`. Angalau inakataa kwa sauti. Kwa msimbo unaozidi mistari kumi hivi, mimi hutuma faili.

Kama una nafasi ya kujaribu kabla, tuma kwanza kitu kisicho na madhara na umwombe msomaji akupigie picha ya skrini:

````
```
moja
    mbili
__tatu__
```
````

Ukiona maneno matatu kwenye mstari mmoja, uko kwenye Markdown ya mwanzo, na uzio usiutumie hapo. Ukiona bektiki, programu haizigusi. Mwambie aanze kunakili chini yake. Ukiona mistari mitatu, `mbili` imesogea ndani na `__tatu__` ina mistari yake ya chini, uzio umeeleweka. Ila picha hiyo inakuambia kuhusu simu hiyo na programu hiyo tu. Akiusambaza ujumbe wako kwa barua pepe kwenda kwa mtu wa tatu, jaribio linaanza upya.